Matuta na Kashata

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei, mwaka 2024, saa nne na robo asubuhi, pale Bwana Edgar alipovaa jaketi la friza ofisini kwake, umeme umekatika, akatoka jasho.

Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiitazama ile ya ukutani. Nilikuwa nimeambiwa nifike saa mbili. Mtu mkubwa akikwambia saa mbili, maana yake wewe ndiye wa saa mbili, yeye ana saa zake.

Bwana Edgar ni afisa ununuzi wa ghala la samaki huku kwetu Temeke. Samaki wanagandishwa, wanapangwa kwenye maboksi, wanasafirishwa. Ndani ya chumba chenyewe baridi inafika nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nje hapo hapo, hatua tatu kutoka mlangoni, muuza madafu anajipepea kwa kofia. Watu wa ndani hawawezi kufanya kazi bila jaketi nene, na majaketi hayo kwa miaka sita aliyashona mke wangu, Felicitas. Yeye alifariki mwaka jana, mwezi wa tisa. Sitaki kusema mengi. Hospitali tuliambiwa tusubiri saini ya mkubwa mmoja, mkubwa alikuwa semina. Tulisubiri. Alipotoka semina alisaini vizuri kabisa, kwa kalamu ya bluu.

Basi nikabaki na cherehani mbili, fremu ya kupanga hapa Tandika, na kazi yake. Mie nilikuwa fundi wa suruali. Darasa la nne niliishia, lakini suruali haiulizi cheti. Jaketi la pamba ni jambo lingine, na lile nililijua kwa kumtazama yeye.

Felicitas naye hakufundishwa na mtu. Alinunua mtumba, jaketi moja la kizungu lile la kuvimba, akalichana lote mezani kama mtu anayepasua samaki. Ndani yalitoka manyoya ya bata, yakajaa chumba kizima, tukawa tunayatema wiki nzima kwenye uji. Lakini chini ya manyoya aliona kitu. "Baba, njoo uone," akaniambia. "Kuna kuta." Kweli, kati ya kitambaa cha nje na bitana palikuwa na vipande vyembamba vya kitambaa vimesimama, vinagawa vyumba. Manyoya yanakaa chumbani kwake, hayashuki yote kiunoni. Na kwa vile kuta zimesimama, kitambaa cha nje hakigusani na cha ndani hata kwenye mshono.

"Mzungu mjanja," nikasema.

"Si ujanja. Amegundua manyoya hayana joto, hata pamba haina joto."

"Haina joto?"

"Joto ni lako mwenyewe. Pamba inashika hewa tu, isitembee. Ukiibana ikalala, hewa imetoka, umebaki na tambara."

Alisema hivyo akiwa na unyoya kwenye kope. Mie nikacheka. Leo ndiyo elimu pekee niliyonayo ya maana.

Manyoya hatukuwa nayo, kwa hiyo akatumia pamba ya poliesta, ile inayouzwa kwa mita kama shuka nene. Akatengeneza matabaka mawili. Kila tabaka alilipiga mistari ya kulala, nafasi kati ya mstari na mstari kama upana wa kiganja, na kitambaa cha nje alikiachia kiwe kirefu kidogo kuliko cha ndani. Hapo ndipo kinapata pa kuvimba. Ukikata vyote sawasawa, kinanyooka kama shuka la hospitali. Ikawa milima na mabonde, sie tukaita matuta, kwa sababu kwetu Bukoba viazi vinalala hivyo hivyo. Lakini bondeni, pale uzi unapopita, pamba imebanwa, na baridi ndipo inapoingilia. Kwa hiyo tabaka la ndani alilisogeza: bonde lake likae chini ya mlima wa nje. Baridi ikipenya bonde la kwanza inakutana na mgongo wa tuta la pili. Akimaliza anaweka alama nyuma ya kola, mishono miwili ya uzi mwekundu. Nembo hiyo hakuisajili popote. Watu wa friza wakiona uzi mwekundu walikuwa wanavaa bila kuuliza.

Sasa turudi kwa Bwana Edgar na jasho lake.

Nilimpelekea jaketi la mfano kwa ajili ya oda mpya, majaketi arobaini. Akalivaa juu ya shati na tai. Akafunga zipu mpaka kidevuni. Feni ya juu imesimama kama imenuna. Dakika ya tatu paji la uso likaanza kung'aa.

"Mzee wangu," akasema, "hili limezidi."

"Limezidi nini, bosi?"

"Joto! Angalia. Nimekaa tu, sijabeba hata boksi moja, nimelowa. Mtu anayebeba mzigo si atazimia?"

"Bosi, humu ni ofisini. Kule ni friza."

"Najua kule ni friza. Nimeajiriwa hapa miaka minne." Akajipangusa kwa tai. "Halafu ona hili umbo. Wafanyakazi wetu wanaonekana kama magodoro yanayotembea. Mwezi ujao tuna wageni, wanunuzi kutoka nje, watapiga picha. Na maandishi mgongoni hayasomeki. Jina la kampuni linaingia kwenye haya mashimo yako, nusu ya herufi zimezama."

Hapo sikumbishia, ni kweli. Maandishi juu ya matuta huwa yanapanda na kushuka, jina linasomeka kama mtu ana kwikwi.

Akafungua simu akanionyesha picha ya jaketi la kike, limelala mwilini, limepigwa mistari ya mshazari inayokatana, vyumba vidogo vidogo vya pembe nne vimesimama kwa ncha. Kama kashata ilivyokatwa kwenye sinia.

"Hii. Hii ndiyo ya kisasa. Vyumba vidogo, sentimita tatu. Inabana, inakaa."

"Bosi, hiyo nzuri, haina ubaya. Pamba haihami, haijikunji, na ukiivaa chini ya koti kubwa inatosha. Lakini kila mstari ni bonde. Ukiweka mistari karibu hivyo, na mishazari yote miwili, mlima unaota wapi? Pamba yote inalala."

"Pamba si ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Uzito ule ule?"

"Ule ule, bosi, ila..."

"Basi joto ni lile lile. Tena litakuwa limeshikiliwa vizuri zaidi." Akatabasamu. "Mzee, wewe umesomea wapi mambo ya joto?"

Mtu aliyesoma akikuuliza ulisoma wapi, haulizi, anafunga mlango. Akaandika kwenye karatasi: matabaka yote yashonwe pamoja, mtindo wa kashata, sentimita tatu. Neno kashata aliandika yeye mwenyewe, nilimwambia mie likampendeza. Akasaini. Akaitia karatasi kwenye faili lake. Nakala sikupewa, na mie sikuomba. Hilo ni kosa langu, lakini nani alinifundisha kuomba nakala?

Nikashona. Siwezi kusema sikujua. Nilijua mstari kwa mstari. Kazi ya kashata unapiga kwanza kitambaa kizima, ndipo unakata mapande, maana kitambaa kikipigwa hivyo kinajikunyata. Ukikata kabla, mikono inaishia kwenye kiwiko. Hilo nilikumbuka, Felicitas alinipigia kelele sana kwa hilo. Nikatandika nailoni, pamba tabaka la kwanza, pamba tabaka la pili, bitana, nikapiga mshazari wa kulia. Bado kilikuwa na pumzi, kimeinuka inuka. Nikapiga mshazari wa kushoto. Nikakiona kinalala mbele ya macho yangu, chumba baada ya chumba, kila makutano ya uzi yakivuta kitambaa cha juu mpaka kikagusa cha chini. Kitu kilichokuwa kinene kama mkate kikawa kama chapati. Kila chumba kilibaki na kauvimbe kadogo katikati, ka kutania.

Kilikuwa kizuri, lakini. Lazima niseme. Kilikuwa kizuri sana.

Kwenye alama ya uzi mwekundu mkono ulisita. Nikafikiria niiache. Halafu mguu ukakanyaga cherehani kwa mazoea, ikaingia. Arobaini zote. Nilijiambia ni kwa sababu kazi bado ni yake. Huenda nilitaka tu majaketi yakubalike.

Wageni walikuja, walipiga picha. Wafanyakazi walipangwa mstari uani, juani, wembamba, nadhifu, jina la kampuni linasomeka kutoka getini. Mgeni mmoja aliushika mkono wa jaketi akasema kitu, ikatafsiriwa kwamba amesifia mshono. Bwana Edgar akainamisha kichwa kama bwana harusi. Mie nilikuwa nje ya geti, nimeambiwa nisiingie kwenye picha.

Jumatatu iliyofuata ndipo majaketi yaliingia friza kwa mara ya kwanza. Saa tano asubuhi simu ikaita. Alikuwa Mwanakombo, msimamizi wa wapanga maboksi, mama wa Mbagala mwenye sauti ya kusikika kupitia mlango wa chuma.

"Fundi Theonest, shikamoo."

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Kazi ipo ndani, na sie tupo nje. Fundi, umetuletea mashati?"

"Mashati?"

"Mie nimevaa khanga mbili, sweta la mume wangu, na juu hili pambo lako. Dakika kumi tu meno yanapiga singeli. Zamani tulikuwa tunakaa dakika arobaini tunapiga soga. Alfonsi vidole vimekufa ganzi, ameangusha boksi la pweza mguuni. Haumii, anasema, hausikii mguu wenyewe!" Nyuma yake walicheka, kicheko cha watu wanaoruka ruka. "Fundi, hii kweli kazi ya Mama Felicitas? Maana uzi mwekundu nauona."

Nikasema nakuja.

Nilipofika, watu kumi na tano wamekaa juani kwenye ukuta wa ghala na majaketi yao, wanaota jua kama mijusi, saa sita mchana, Dar es Salaam. Gari la kubebea mzigo linanguruma mlangoni, samaki waliotolewa nusu nusu wameanza kulegea, maji mekundu yanachirizika kuelekea mtaroni. Muuza madafu ameacha kujipepea, anatazama sinema.

Kesho yake ikaundwa kamati. Huku kwetu kitu kikiharibika hakitengenezwi kwanza, kinaundiwa kamati. Walikaa chumba cha mikutano: mwenye ghala na mwenyekiti, Bwana Abdulsamad, ambaye baba yake alianza na duka la nyavu Kariakoo na yeye mwenyewe huwa hapatikani, kila mara yuko safari, ila siku hiyo alikuwepo; Bwana Edgar, ambaye ndiye katibu wa kamati; na Mwanakombo kwa niaba ya wapanga maboksi. Mie nikasimamishwa mlangoni.

Bwana Edgar alisoma kutoka kwenye karatasi. Uchunguzi wa awali umebaini majaketi mapya ni membamba kuliko ya zamani. Wembamba ni dalili ya upungufu wa pamba. Pamba ilikabidhiwa kwa fundi. Kwa hiyo pamba imechukuliwa na fundi. "Na kibaya zaidi," akaongeza, "ametumia alama ya marehemu mkewe, ambayo wafanyakazi waliiamini, ili kazi mbovu ipite. Napendekeza iandikwe kwamba majaketi yenye alama hii hayafai, na yasipokelewe tena hapa wala kwa wenzetu wa maghala mengine."

Mie waniite mwizi, sawa, nimeitwa mengi. Lakini mishono miwili ile ndiyo kitu pekee cha Felicitas kinachotembea bado mjini humu. Kaburi lake lina namba tu.

"Bwana Abdulsamad," nikasema, "una mizani hapa?"

"Hapa ni ghala la samaki, mzee. Vingekosekana viti, si mizani."

Mwanakombo alishaondoka kabla hajamaliza. Akarudi na mizani ya kupimia kamba, na, kutoka stoo yalikofungiwa ya zamani, jaketi lake la matuta, limechakaa, lina harufu ya miaka sita ya samaki. Akaliweka. Kilo moja na gramu mia moja na kumi. Akalitoa, akaweka la kashata. Kilo moja na gramu mia moja arobaini.

Wote wakainamia mizani.

"Jipya limezidi," akasema Bwana Abdulsamad.

"Uzi huo, mzee," nikasema. "Mistari mingi, uzi mwingi."

"Basi pamba yenyewe ni feki!" akasema Bwana Edgar.

Nikachomoa wembe mfukoni. Bwana Edgar akarudisha kiti nyuma kidogo, sijui alifikiria nini. Nikalilaza jaketi la kashata kifudifudi mezani, juu ya karatasi zake. Nikaanza kufumua mgongo. Kwanza mshazari wa kushoto, wote. Nikavuta nyuzi, nikalipiga piga kwa kiganja kama mtu anayeamsha mgonjwa. Likainuka kidogo. Kisha mshazari wa kulia nikafumua mistari miwili, nikaruka mmoja, nikafumua miwili, mpaka nafasi ikabaki upana wa kiganja. Nikakung'uta tena.

Pamba ikavuta pumzi. Sisemi kwa kupamba. Polepole, mbele yao, mgongo ule ukavimba, ukapanda juu ya kola, juu ya kikombe cha chai cha Bwana Abdulsamad. Mikono ya jaketi, ambayo sikuigusa, ikabaki chapati vile vile, imelala pande mbili kama ya mtu aliyezidiwa na tumbo. Bwana Abdulsamad akabonyeza kwa kidole kimoja. Kikazama, akakitoa, pamba ikarudi.

"Umeongeza nini humo?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Nimepunguza, mzee. Nimetoa uzi tu. Pamba ilikuwemo siku zote, imefungwa. Na bado halijawa la Felicitas, maana lake lina matabaka mawili yaliyopishana, hili nimelifumua tu. Ona na matundu ya sindano, hayo hayatafutika."

Kweli yalionekana, vitone vitone vya kashata kwenye nailoni, kama alama za ndui.

Mwanakombo akapiga makofi mara moja. "Haya! Pamba ya wizi imejirudisha yenyewe!"

Sasa hapo ndipo mtu aliyesoma anaonekana. Bwana Edgar hakubabaika hata kidogo. Akageuza karatasi upande wa pili, akaanza kuandika. "Kwa hiyo," akasema, "kamati imebaini fursa ya maboresho. Idara ya ununuzi itasimamia ufumuaji wa majaketi arobaini, kwa utaratibu wa kufumua miwili na kuruka mmoja. Hii ni mbinu mpya, mwenyekiti. Tunaweza hata kuwaonyesha wanunuzi."

"Na chanzo cha tatizo?" akauliza Bwana Abdulsamad. "Nani alisema yashonwe hivi?"

"Chanzo kinafanyiwa kazi."

"Kuna karatasi," nikasema mie. "Aliandika mwenyewe, akasaini. Ipo kwenye faili lake. Imeandikwa kashata."

"Faili lipo kwa mkaguzi," akasema Bwana Edgar. "Likirudi tutaliangalia. Kwa sasa, kwenye nafasi ya chanzo, naandika alama ya uzi mwekundu. Kwa penseli tu, mzee wangu, usijali. Penseli inafutika."

Hiyo penseli ndiyo iliyonimaliza. Mke wangu alisubirishwa na kalamu ya bluu, sasa anashtakiwa kwa penseli.

Bwana Abdulsamad akatazama saa, ana ndege. Akasema jambo ni dogo, limekwisha, ila kabla ya kufumua yote lazima jaketi hili lijaribiwe kitaalamu, isije ikatokea tena. "Edgar, lijaribu."

Bwana Edgar akasimama. Akavua koti la suti, akavaa lile jaketi lililovimba mgongo. Akafunga zipu mpaka kidevuni. Akaenda kusimama dirishani, jua la saa saba linampiga usoni. Sie wote tukamtazama. Feni inazunguka taratibu juu. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Dakika ya tatu paji la uso likaanza kung'aa.

"Mwenyekiti," akasema, akijipangusa, "nadhani bado limezidi kidogo."

Bwana Abdulsamad akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia. Akaanza kukusanya miwani na simu.

Toka hapo kwenye dirisha mpaka mlango wa friza ni hatua kama ishirini. Niliwahi kuzihesabu. Mwanakombo akasimama, akatandaza khanga yake vizuri mabegani, akawatazama mmoja mmoja. Hakupaza sauti, na kwa kweli siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole.

"Wakubwa zangu, samahani. Mie sijasoma, nauliza tu, na mwandike na hili kwa penseli yenu. Tangu mmeanza kujaribu haya majaketi, kuna hata mmoja wenu aliyeingia nayo mle ndani?"